Maswali Manane kila Jumatano: Muhula Mmoja wa Kurudia Sarufi Kidato cha Tatu

Mwanafunzi wa kidato cha tatu anaweza kupata kumi kwa kumi katika zoezi la O-rejeshi leo, halafu mwezi ujao akaandika "mayai yalioanguka" kwenye mtihani kana kwamba hajawahi kufundishwa. Kila mwalimu wa Kiswahili ninayemjua ana maelezo yake: uvivu, simu, lugha ya mtaani. Mimi, baada ya muhula mzima wa kupambana na jambo hili katika shule ya kutwa huku kaunti ya Kilifi, lawama kubwa naitupia zoezi lenyewe. Zoezi la kitabuni lina kichwa. Juu pameandikwa "O-rejeshi", chini yake kuna sentensi kumi, na zote zinataka O-rejeshi. Mwanafunzi hahitaji kujiuliza swali linataka nini. Kichwa kimeshamnong'oneza nusu ya jibu. Mtihani hauna kichwa. Swali la kwanza ni la sauti, la pili la mnyambuliko, la tatu la usemi wa taarifa, na kila moja linamtaka achimbue mwenyewe kichwani kanuni inayohusika.

Katika karatasi ya pili ya Kiswahili ya KCSE, ile 102/2, matumizi ya lugha yana alama 40 kati ya 80. Ndiyo nusu ya karatasi. Kwa hiyo nilipopewa kidato cha tatu, wanafunzi 52 katika chumba kilichojengewa arubaini, niliamua mpango wa muhula mzima uzunguke jambo moja: kila kipengele cha sarufi kirudi mara kadhaa baada ya kufundishwa, kirudi kikiwa kimechanganywa na vingine, na mwanafunzi akijibu daftari likiwa limefungwa.

Wazo si langu wala si geni. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha mwaka 1885 matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe kuhusu kusahau, na tangu hapo inajulikana kwamba kusahau huenda kasi sana mwanzoni kisha kukapungua mwendo. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Roediger na Karpicke, waliwapa wanafunzi wa chuo vifungu vya kusoma. Baadhi walivisoma tena, wengine wakajaribu kuandika walichokikumbuka bila kuvitazama. Dakika tano baadaye waliosoma tena ndio waliofanya vizuri zaidi. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka, na waliojitahidi kukumbuka wakawa mbele. Hilo la dakika tano ndilo linalotuponza sisi walimu, kwa sababu tunapima somo kengele inapokaribia kulia, wakati kila kitu bado kiko juu juu kichwani.

Sasa mpango wenyewe. Tulikuwa na vipindi sita vya dakika 40 kwa wiki, na viwili kati ya hivyo ndivyo vya sarufi. Vingine ni vya fasihi, insha, ufahamu na isimu jamii. Niliamua kila kipengele kirudi mara nne: wiki moja baada ya kufundishwa, kisha wiki ya tatu, ya sita na ya kumi. Mianya inapanuka kwa makusudi. Ukirudia siku ya pili yake, mwanafunzi bado ana somo mdomoni na hajifunzi chochote kwa kulitoa. Ukingoja mpaka wiki ya mitihani, ameshasahau kiasi kwamba unafundisha upya. Unataka umkute akikuna kichwa, lakini bado anaweza kulipata jibu.

Nikachora jedwali hili kwenye ukurasa wa mwisho wa maazimio ya kazi:

| Wiki | Kipengele kipya | Vinavyorudi kwenye jaribio |
|---|---|---|
| 1 | O-rejeshi na amba- | (hakuna jaribio) |
| 2 | Kutendea, kutendwa | O-rejeshi |
| 3 | Kutendesha, kutendeka | Kutendea |
| 4 | Shamirisho | O-rejeshi, kutendesha |
| 5 | Vishazi | Kutendea, shamirisho |
| 6 | Usemi halisi na taarifa | Kutendesha, vishazi |
| 7 | Hakuna (likizo fupi) | O-rejeshi, shamirisho, usemi |
| 8 | Masharti: -nge-, -ngali- | Kutendea, vishazi |
| 9 | Uchanganuzi wa sentensi | Kutendesha, usemi, masharti |
| 10 | Hakuna | Shamirisho, uchanganuzi |
| 11 | Hakuna | O-rejeshi, vishazi, masharti |
| 12 | Hakuna | Kutendea, usemi, uchanganuzi |

Wiki ya 13 ni ya mtihani wa mwisho wa muhula. Ukihesabu utaona kwamba hakuna wiki yenye vipengele zaidi ya vitatu vinavyorudi. Kila kimoja kikipata maswali mawili, ni sita kwa wingi, na jaribio lina maswali manane. Nafasi zinazobaki nilizijaza kwa mambo ya kidato cha kwanza na cha pili: ngeli, ukanusho, ukubwa na udogo, aina za maneno. Wiki ya pili na ya tatu, ambapo kipengele kimoja tu kilikuwa kinarudi, maswali sita kati ya manane yalipangwa kuwa ya zamani, na hizo ndizo wiki zilizonionyesha wazi zaidi darasa limefikia wapi. Kuna waliofika kidato cha tatu hawana uhakika kama "ukuta" una wingi.

Huenda unajiuliza muda umetoka wapi. Jaribio ni dakika kumi, kusahihisha ni dakika kumi nyingine, yaani nusu ya kipindi kila Jumatano. Kwa wiki kumi na moja ni dakika 220, vipindi vitano na nusu. Si kidogo, na mkuu wa idara aliponiita kuniuliza kama nitamaliza silabasi, swali lake lilikuwa la haki. Nilivifidia kwa kufuta zile wiki mbili za "marudio" mwishoni mwa muhula, ambapo kwa kawaida mwalimu hupitia kila kitu mbio mbio huku wanafunzi wakinakili ubaoni. Hakuridhika papo hapo. Aliniambia, "Mwalimu, mimi sina neno, ila karatasi za mtihani ndizo zitakazosema." Tukaachana hapo.

Jinsi ya kuuliza bila kurudufisha karatasi ni jambo lililonisumbua kuliko nilivyotarajia. Kuandika maswali manane ubaoni wakati wanafunzi wanangoja kunakula dakika saba, na mgongo wa mwalimu ukiwa umegeuzwa kila mtu anafungua daftari. Kuyasoma kwa sauti hakufai kwa sarufi, kwa sababu tofauti ya "yaliyo" na "yalio" ndiyo unayotaka waitafute wenyewe, nawe ukiisoma umeshawapa. Mwishowe nilinunua karatasi za manila, nikaandika maswali jioni ya Jumanne kwa kalamu nene, na Jumatano ninaitundika tu. Karatasi moja hutosha pande mbili, wiki mbili. Mwisho wa muhula nina hazina ya maswali ninayoweza kuitumia mwaka unaofuata, ingawa mende wa stoo nao wameipenda.

Kila mwanafunzi alitenga daftari dogo la kurasa 32 kwa ajili ya majaribio pekee. Vitu vingine vyote juu ya dawati vinaingia chini. Wanajibu kwa kalamu, sentensi kamili. Dakika kumi zikiisha, wanaweka kalamu na kushika penseli, nami natoa majibu moja moja huku nikieleza. Aliyekosa anapitisha mstari mmoja juu ya kosa, bila kulifuta, kisha anaandika sentensi sahihi nzima chini yake na sababu kwa maneno machache. Kosa libaki linaonekana, maana ndilo linaloniambia alikuwa anawaza nini.

Alama ndizo zilizotaka kuniharibia. Wiki mbili za kwanza nilikusanya madaftari yote, nikasahihisha na kuandika alama juu ya nane. Jumanne usiku mwanafunzi anakesha na kipengele anachodhani kitatoka, Jumatano shingo zinarefuka, na mimi nina madaftari 52 juu ya insha ambazo bado sijazigusa. Wiki ya nne nikatangaza kwamba hakuna alama itakayoingia popote. Wanajisahihisha wenyewe, na mimi nitachukua madaftari kumi tu, safu tofauti kila wiki. Kunakili kulipungua sana, kwa kuwa hapakuwa na cha kuiba. Wachache waliokuwa wakisoma kwa ajili ya alama walilegea kidogo, hilo nakiri, na mama mmoja alikuja siku ya wazazi kuuliza kwa nini daftari la bintiye halina kalamu nyekundu. Nilimfungulia ukurasa mmoja mmoja nikamwonyesha mistari ya penseli, na jinsi kosa la wiki ya nne lilivyokuwa halipo tena wiki ya saba.

Nawaomba walimu wasitumie njia ya kuinua mikono: "Nani amekosa la tano?" Darasa la vijana wa miaka kumi na saba halitakuambia ukweli. Madaftari kumi yanatosha. Nilikuwa na kanuni rahisi: swali likikosewa na zaidi ya nusu ya yale kumi, kipengele hicho nakipa dakika kumi na tano za kufundisha upya kabla ya Jumatano ijayo, na hesabu yake ya wiki inaanza tena mwanzo. Wengi wakilipata, kipengele kinaendelea na safari yake.

Nitafuata kipengele kimoja tangu mwanzo hadi mwisho, O-rejeshi, kwa sababu ndicho kilichonifunza zaidi.

Wiki ya kwanza nilifundisha kama kawaida. Zoezi la darasani lilikwenda vizuri mno: kitabu kilichopotea, mti ulioanguka, watoto waliochelewa. Jumatano ya wiki ya pili swali lilikuwa hili: "Unganisha bila kutumia amba-: Mayai yalivunjika. Mayai yalikuwa ya jirani." Katika madaftari kumi niliyochagua kwenye rundo ili niyachunguze, saba yalikuwa na "Mayai yaliovunjika yalikuwa ya jirani."

Saba yenye kosa moja lile lile si dalili ya kusahau. Aliyesahau huacha wazi, au anaandika kitu chake peke yake kisichofanana na cha jirani. Kosa likifanana kwa wengi, jua kuna kanuni isiyo sahihi waliyojitungia na wanaiamini. Hapa kanuni yenyewe nilipata kuiona nilipowauliza: mifano mingi ya mwanzo, "waliochelewa", "ulioanguka", ina -o tupu, basi wakachukua -o hiyo na kuipachika kila mahali. Lugha ya nyumbani nayo haisaidii. Watoto wa huku husema "mwaka ulopita", "mambo yalopita", "huyo alokuja jana". Ni Kiswahili cha Pwani, tenzi zimejaa miundo hiyo, na sijawahi kumkataza mwanafunzi kusema hivyo na bibi yake. Ila msahihishaji wa mtihani wa kitaifa anataka "yaliyopita", na hataangalia unatoka Watamu au Mariakani.

Basi dakika kumi na tano za kufundisha upya sikuzitumia kurudia maelezo ya mwanzo. Niliandika ubaoni kiambishi cha ngeli na -o yake: ki na o hutoa cho, vi na o hutoa vyo, li na o hutoa lo, ya na o hutoa yo, zi na o hutoa zo. Wa na u ndizo zinazobaki na o peke yake, na yule wa umoja katika A-WA ana ye wake. Mwanafunzi akiwa na shaka, ajiulize ngeli gani kwanza, kisha aunganishe. Na kwa kuwa hesabu ilianza upya, wiki ya tatu O-rejeshi iliingia tena, ikachukua nafasi ya maswali mawili ya zamani.

Wiki ya nne niliiacha ibaki kama ilivyokuwa kwenye jedwali, ila nikageuza sura ya swali: "Andika katika wingi: Ukuta uliobomoka umejengwa upya." Hapa walianguka wengi kuliko wiki ya tatu. Wengine waliandika "Makuta yaliyobomoka", wengine "Kuta ziliobomoka". Kushuka huku kulinitia hofu kidogo, na ni mahali ambapo mwalimu anaweza kukata tamaa na kuuacha mpango. Lakini tazama vizuri: "makuta yaliyobomoka" ni kosa la ngeli, rejeshi lenyewe liko sawa kabisa na ngeli aliyoichagua. Mwanafunzi huyo O-rejeshi anaijua, hajui U-ZI. Kama ningetoa alama moja kwa jumla, ningemweka fungu moja na yule wa "ziliobomoka". Ukisahihisha, andika pembeni ni kipengele kipi kilichokosewa, la sivyo utafundisha upya kitu ambacho tayari wanakijua.

Wiki ya saba likizo fupi ilikata siku mbili, jaribio likahamia Jumatatu iliyofuata. Swali: "Kanusha vitenzi vyote viwili: Wanafunzi wanaosoma watafaulu." Jibu ni "Wanafunzi wasiosoma hawatafaulu." Nilijifunza kuandika "vyote viwili" baada ya kuona swali la namna hii bila maneno hayo likizua mabishano kwenye darasa jingine, maana "Wanafunzi wanaosoma hawatafaulu" nayo ni sentensi iliyokanushwa, tena kwa masikitiko makubwa. Swali lenye majibu mawili linapoteza dakika tano za mabishano, na dakika tano ni robo ya muda wako wote. Wengi walipata. Waliokosa waliandika "hawanaosoma", nao nikawaeleza kwamba ukanusho wa rejeshi unatumia -si- peke yake, wakati unadondoka.

Wiki ya kumi na moja ndiyo ilikuwa ya mbali zaidi, na nikawawekea mtego: "Andika bila amba-: Mgonjwa ambaye amelala ni babu yangu." O-rejeshi ya kati haikubali -me-. Inakaa na -na-, -li-, -taka- na -si-. Kwa hiyo inabidi iwe "Mgonjwa aliyelala ni babu yangu." Hili nililitaja mara moja tu wiki ya kwanza. Karibu nusu walilipata, wengine wakaandika "ameyelala" na kujicheka wenyewe walipoisoma kwa sauti. "Yalio" yenyewe, katika swali la pili la siku hiyo, ilionekana katika daftari moja kati ya kumi. Mwenye daftari hilo alikuwa amerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo kwa sehemu kubwa ya mwezi.

Hao wa karo wanahitaji neno. Katika shule ya kutwa hakuna wiki ambayo darasa lote limo ndani. Kwa mpango wa kawaida, aliyekosa wiki ya vishazi amekosa vishazi mpaka mwaka uishe. Kwa mpango huu kipengele kinarudi, naye anakikuta njiani. Lakini hawezi kukumbuka asichowahi kufundishwa, na jaribio kwake linakuwa ukurasa wa maswali yasiyojibika. Niliwapanga wawili wawili wanaokaa jirani mtaani. Anayerudi anapewa daftari la mwenziwe jioni moja, na Jumatano ya kwanza anaruhusiwa kulifungua mbele yake. Si njia kamili. Kuna waliorudi na kuondoka tena kabla ya Jumatano.

Kuchanganya vipengele kulileta jambo ambalo zoezi lenye kichwa lisingeweza kulionyesha. Wiki ya tisa, usemi wa taarifa na hali ya masharti vilikutana kwenye jaribio moja. Swali moja lilitaka "Nitafika kesho," Juma alisema, ligeuzwe kuwa usemi wa taarifa. Jibu: Juma alisema kwamba angefika siku iliyofuata. Wiki ya saba karibu wote walilipata swali kama hilo. Sasa, wiki moja baada ya kufundishwa -nge- na -ngali-, madaftari kadhaa yalikuwa na "angalifika". Kwao -nge- na -ngali- vimekuwa ndugu wanaoweza kubadilishana. Nilitumia sehemu ya kipindi cha Ijumaa kuviweka bega kwa bega. Katika masharti, -nge- ni ya jambo ambalo bado linawezekana, "ungesoma ungefaulu", -ngali- ni ya lililokwisha pita bila kutimia, "ungalisoma ungalifaulu", na huchanganyi mbili hizo ndani ya sentensi moja. Katika usemi wa taarifa, -nge- inashika nafasi ya -ta- basi. Hakuna sharti lolote linalozungumziwa. Wangeendelea kufanya mazoezi ya kila kipengele peke yake, mgongano huu ungejitokeza kwa mara ya kwanza kwenye chumba cha mtihani.

Si kila kitu kinafaa kwa dakika kumi. Uchanganuzi wa sentensi kwa matawi au jedwali unachukua dakika sita peke yake ukifanywa vizuri. Nilijaribu kuubana wiki ya kumi nikapata michoro nusu nusu isiyoniambia chochote. Wiki ya kumi na mbili niliuliza vipande vyake tu: pigia mstari kundi nomino, taja kama sentensi ni sahili, ambatano au changamano. Mchoro mzima ukabaki kazi ya kipindi kamili. Mnyambuliko, kwa upande wake, umeumbwa kwa majaribio mafupi. "Nyambua katika kauli ya kutendea: toa, ng'oa, nunua, cheka" ni sekunde arubaini, na inaonyesha mara moja nani bado anaandika "tolia" na "ng'olia" badala ya "tolea" na "ng'olea", yaani nani hajashika kwamba o na e kwenye mzizi zinavuta -e-.

Kilichonikera mpaka mwisho ni insha. Mwanafunzi anaandika "yaliyovunjika" bila wasiwasi Jumatano, halafu Ijumaa katika insha yake kuna "matatizo yaliotukumba". Akiandika insha akili iko kwenye kisa, haiko kwenye rejeshi. Dawa niliyoipata ilikuwa ya upande mmoja tu. Nilipokuwa nikisahihisha insha, makosa ya sarufi niliyoyazungushia duara ni ya vipengele vilivyokwisha rudi angalau mara mbili kwenye majaribio, basi. Mengine niliyaacha. Mwanafunzi akiona duara, anajua ni kitu anachokijua, na kabla ya kurudisha insha anaandika sahihisho lake mwenyewe pembeni. Mabadiliko yalikuwa ya polepole, nami singewaahidi wenzangu zaidi ya hapo.

Wanafunzi wenyewe hawakuupenda mpango mwanzoni. Wiki ya nne kijana mmoja wa safu ya nyuma, mwenye akili na mdomo, alisimama: "Mwalimu, lakini hii tulishamaliza!" Nikamwambia, "Haya mwanangu, basi njoo utuandikie wingi wa ukuta uliobomoka." Akaja kwa mbwembwe, akaandika, darasa likacheka, naye akacheka pia. Kuanzia hapo "tulishamaliza" ikawa utani wa darasa; mtu akikosa swali la wiki mbili zilizopita, mwenzake anamwambia, "Si tulishamaliza?"

Mtihani wa mwisho wa muhula ulitungwa na mwalimu mwingine wa idara, kama kawaida yetu. Darasa lilifanya vizuri katika mnyambuliko, O-rejeshi na usemi wa taarifa, vile vilivyokuwa vimerudi mara tatu au nne. Katika uchanganuzi, uliorudi mara mbili tu, tena kwa vipande, hapakuwa na tofauti ya maana na darasa sambamba. Mkuu wa idara aliziangalia karatasi, akaniomba jedwali alitoe nakala, na akaniuliza kama manila zinalipwa na shule. Hazilipwi, bado.

Jambo la vitendo kwa atakayejaribu: vipengele vya mwisho haviishi ndani ya muhula. Shamirisho, vishazi, usemi, masharti na uchanganuzi bado vina marudio ambayo yanaangukia muhula wa pili, na usipoyahamishia kwenye maazimio mapya kabla ya kufunga shule, yatapotea. Likizo ya Aprili yenyewe ni mwanya, tena mpana. Jaribio la Jumatano ya kwanza baada ya kufungua nililiandika kabla hatujafunga: mawili ya masharti, mawili ya uchanganuzi wa vipande, mawili ya shamirisho, moja la usemi wa taarifa, na la nane, "Andika katika wingi: Jambo lililopita limepita."